Noti zinaachana na muziki kwenye simu fulani: jinsi ya kurekebisha, na kuweka sehemu ya kusawazisha

Kama unatengeneza gemu ya midundo, yaani ile ya kugonga noti zikifika kwenye mstari, basi kuna ujumbe mmoja utaupokea mapema sana. Mimi niliupata hivi kutoka kwa jamaa aliyekuwa ananijaribia gemu yangu: "Mwanzo iko poa, ila wimbo ukifika katikati noti zinafika kabla ya muziki, mwishoni ndo siwezi kabisa." Kwenye laptop yangu hakuna kitu kama hicho, wimbo ule ule, chati ile ile, nacheza mpaka mwisho na kila kitu kimekaa. Nikafanya kosa ambalo naona wengi wanalifanya, nikakimbilia kuweka slaida ya milisekunde kwenye mipangilio nikamwambia asogeze mpaka zikae sawa. Akasogeza. Mwisho wa wimbo ukakaa, mwanzo ukaharibika.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna matatizo mawili tofauti yanayofanana kwa macho, na slaida inatibu moja tu. La kwanza ni pengo: sauti inachelewa kiasi kile kile tangu mwanzo mpaka mwisho, tuseme 60 ms wimbo mzima. La pili ni kuhama: pengo lenyewe linakua kadiri wimbo unavyokwenda. Pengo unalisawazisha. Kuhama hakusawazishwi, kunaondolewa kwenye kodi, na lazima kuondolewe kwanza la sivyo kila namba utakayopima baadaye itakuwa ya uongo. Kwa hiyo mwongozo huu unaenda kwa mpangilio huo. Mifano yote ni ya Godot 4 kwa sababu ndiyo ninayotumia, ila mantiki ni ile ile hata kama injini yako ni nyingine, tafuta tu jina la saa ya sauti kwenye injini hiyo.

Hatua ya 1: pima kwanza, usibahatishe

Usimuulize mchezaji "inachelewa au inawahi?" maana hawezi kujua, anachojua ni kwamba haijakaa. Badala yake fanya gemu iandike logi. Kila anapogonga noti, andika vitu viwili: noti ilikuwa sekunde ya ngapi ya wimbo, na amegonga tofauti ya milisekunde ngapi na muda wake. Mi natumia chanya kwa aliyechelewa na hasi kwa aliyewahi. Mwambie acheze wimbo mzima akifuata masikio, asiangalie skrini sana, na asihangaike na pointi.

Halafu chukua wastani wa sekunde 20 za mwanzo, sekunde 20 za katikati na sekunde 20 za mwisho. Wimbo wangu ulikuwa wa dakika 3, midundo 174 kwa dakika. Laptop ilinipa +38, +38, +40. Simu ya yule jamaa, ambayo ni ya zamani kidogo, ilinipa +92, +128, +171. Umeona? Laptop ina pengo tu. Simu ina pengo la karibu 90 pale mwanzoni, halafu juu yake kuna kuhama kwa karibu 80 ms ndani ya dakika tatu. Kwenye wimbo wa 174 mdundo mmoja ni 345 ms hivi, kwa hiyo noti za nusu mdundo ziko umbali wa 172 ms tu, maana yake mpaka mwisho wa wimbo huyu mtu alikuwa anasikia noti moja huku gemu inamhukumu kwa inayofuata. Sio kwamba hajui kucheza.

Kuna jambo moja la kuangalia hapa kabla hujaendelea. Kama kuhama ni kule kule kwenye vifaa vyote, namba ile ile kabisa, basi tatizo sio kifaa, ni chati yako. Na mara nyingi sababu ni kukata desimali. Mdundo wa 174 ni 60000 ÷ 174 = 344.83 ms. Ukiandika 344 kwenye chati na ukawa unajumlisha mdundo juu ya mdundo, unapoteza 0.83 kila mdundo, na dakika tatu zina midundo 522, kwa hiyo mwisho wa wimbo umeshapotea kama 430 ms. Dawa yake ni kutojumlisha kabisa. Hifadhi noti kwa namba ya mdundo (mdundo wa 0, wa 1, wa 1.5) na muda wake uupate kwa hesabu moja: muda wa mdundo wa kwanza, ongeza namba ya mdundo mara 60 gawa kwa kasi. Kosa halilimbikizwi tena kwa sababu kila noti inahesabiwa upya kutoka mwanzo wa wimbo.

Ila kama kuhama kunatofautiana kifaa na kifaa, kama kwangu, hilo ni tatizo la saa.

Hatua ya 2: iache gemu ifuate saa ya sauti

Sasa hili ndo la muhimu kuliko yote humu ndani. Kodi yangu ya kwanza ilikuwa inafanya hivi: wimbo ukianza weka muda sifuri, halafu kila fremu ongeza `delta`. Inaonekana ya haki kabisa, si ni muda halisi unaopita? Ni kweli, ila muziki haufuati muda halisi. Muziki unafuata kasi ambayo kifaa kinasukuma sampuli kwenda kwenye spika, na hizo ni saa mbili tofauti zisizozungumza.

Tofauti ya asili kati ya saa hizo mbili ni ndogo, haiwezi kuleta 80 ms ndani ya dakika tatu. Kinacholeta namba kubwa hivyo ni kukwama. Sauti inatengenezwa kwa vipande vidogo vinavyowekwa kwenye bafa, na simu dhaifu ikizidiwa, tuseme skrini ina vitu vingi au kuna programu nyingine imeamka nyuma, kipande kinachofuata hakiwahi. Spika inakosa cha kucheza, unasikia ka-mkwaruzo kadogo au husikii kitu kabisa, halafu muziki unaendelea pale pale ulipoishia. Yaani muziki umesimama kwa muda wa kipande kimoja, 20 ms hivi, lakini `delta` haijui hilo, yenyewe imeendelea kuhesabu. Ikitokea mara nne kwenye wimbo ushapata 80. Ndiyo maana laptop haina shida na simu ile inayo, na ndiyo maana pia ukicheza mara mbili kwenye simu hiyo hiyo kuhama kunaweza kutoka tofauti, leo 80, kesho 40. Hakuna slaida duniani itakayotibu kitu kinachobadilika hivyo.

Wengine wana toleo baya zaidi la kosa hili, la kusogeza noti pikseli kadhaa kwa kila fremu. Hiyo ikikutana na skrini ya fremu 90 au simu inayoshuka mpaka fremu 50, noti zinaachana na muziki ndani ya sekunde chache tu. Hilo angalau utaliona siku ya kwanza.

Dawa ni kuuliza sauti yenyewe imefika wapi:

```gdscript
var _mwisho := 0.0
var _kifaa := 0.0

func anza():
    _kifaa = AudioServer.get_output_latency()
    _mwisho = 0.0
    $Muziki.play()

func saa() -> float:
    var t = $Muziki.get_playback_position()
    t += AudioServer.get_time_since_last_mix()
    t -= _kifaa
    _mwisho = maxf(_mwisho, t)
    return _mwisho
```

Niieleze mstari kwa mstari maana kila mmoja una sababu yake na watu huwa wanakopi wa kwanza tu halafu wanalalamika noti zinarukaruka.

`get_playback_position()` peke yake inasogea kwa vipande. Kama kipande ni sampuli 1024 na sauti ni ya 44100 kwa sekunde, kila kipande ni 23 ms, na hiyo namba haibadiliki mpaka kipande kingine kitengenezwe. Ukiiprinti kila fremu kwenye skrini ya fremu 60 utaona kitu kama 1.486, 1.486, 1.509, 1.532, 1.532. Noti zikifuata namba hizo zinatetemeka kama mtu anazivuta kwa kamba. `get_time_since_last_mix()` inajaza ule muda uliopita tangu kipande cha mwisho kitengenezwe, kwa hiyo namba inakuwa laini.

Mstari wa kutoa `_kifaa` unaondoa muda ambao mfumo wenyewe unasema sauti itachukua kabla ya kutoka. Nimeuchukua mara moja tu pale wimbo unapoanza, sio kila fremu, kwa sababu kuuliza hiyo namba ni kazi nzito na nyaraka za Godot zenyewe zinashauri usiite kila fremu. Na tafadhali usiiamini sana hiyo namba. Inajua ile sehemu ya mfumo inayoiona, haijui kinachotokea baada ya hapo ndani ya hedifoni za Bluetooth. Kilichobaki ndicho tutakachopima kwenye hatua za mbele.

Ile `maxf` ipo kwa sababu jumla ya vitu hivi inaweza kurudi nyuma milisekunde moja mbili kati ya fremu na fremu, na noti inayorudi nyuma inaonekana mara moja hata kama ni kidogo. Ila ina mtego: mchezaji akianza upya au ukiruka sehemu ya wimbo, lazima urudishe `_mwisho`, la sivyo saa itaganda pale pale mpaka wimbo uifikie tena. Mimi ilinigandia kwenye kitufe cha "cheza tena", noti zote zimesimama muziki unaendelea, nilitafuta sababu jioni nzima. Hali kadhalika wimbo unaojirudia wenyewe, nafasi inarudi sifuri lakini `_mwisho` inabaki juu.

Baada ya hapo nafasi ya kila noti ihesabiwe upya kila fremu kutoka kwenye saa: umbali kutoka kwenye mstari ni muda wa noti, toa saa, zidisha kwa kasi. Noti isiwe na mwendo wake yenyewe, isikumbuke ilikuwa wapi fremu iliyopita. Hivyo hata simu ikikwama nusu sekunde, fremu inayofuata noti ziko mahali pake.

Nilipobadilisha hivyo nikamrudishia jamaa acheze wimbo ule ule. Logi ya simu yake ikaja +64, +61, +66. Laptop +21, +20, +22. Hii ndo picha unayoitaka: mwanzo, kati na mwisho vinakubaliana ndani ya milisekunde chache. Kama bado vinapanda, usiende hatua ya tatu, rudi hapo juu kuna sehemu bado inatumia `delta`. Mara nyingi inakuwa ni sehemu ya kuhukumu kugonga, mtu amebadilisha kuchora akasahau kuhukumu.

Hatua ya 3: elewa unasawazisha nini

Sasa tumebaki na pengo la kweli, 64 kwenye simu. Kwa nini linasumbua? Kama dirisha lako la "Bora" ni 45 ms kila upande, mtu anayegonga sawasawa kabisa na muziki anatua kwenye +64, anapata "Nzuri" siku zote, na upande wote wa kuwahi hautumiki.

Hapa watu wengi wanaweka namba moja wanaiita "ofseti" na wanaitumia kila mahali. Inafanya kazi nusu. Kuna ucheleweshaji wa aina tatu: sauti kufika sikioni, picha kufika machoni, na kidole kufika kwenye kodi. Kidole huwezi kukipima peke yake, ila bahati nzuri huhitaji. Unahitaji vipimo viwili tu. Cha kwanza, mtu anagonga akifuata sauti bila picha yoyote, hicho kinakupa sauti jumlisha kidole, nakiita `sikia`. Cha pili, anagonga akifuata picha bila sauti, kinakupa picha jumlisha kidole, nakiita `ona`. Ukitoa kimoja kwa kingine, kidole kinajifuta, unabaki na sauti toa picha.

Na hivyo ndivyo vinavyotumika:

```gdscript
func muda_wa_hukumu() -> float:
    return saa() - sikia / 1000.0

func muda_wa_picha() -> float:
    return saa() - (sikia - ona) / 1000.0
```

Hukumu inatoa `sikia` yote, kwa sababu mchezaji akigonga pale anaposikia, kugonga kwake kunaifikia kodi baada ya sauti kuchelewa na baada ya kidole kuchelewa. Picha inatoa tofauti tu, kwa sababu tunachotaka ni noti ionekane mstarini wakati ule ule sauti yake inaposikika, na skrini nayo ina ucheleweshaji wake ambao unatusaidia kidogo.

Twende na namba za simu ile. `sikia` 64, `ona` 41. Hukumu inarudi nyuma 64, picha inarudi nyuma 23. Kwa noti zinazoshuka pikseli 600 kwa sekunde, 23 ms ni pikseli 14 hivi, wengi hawazioni. Lakini jamaa akivaa hedifoni zake za Bluetooth `sikia` inakuwa 231 na `ona` inabaki ile ile 41, kwa hiyo picha lazima irudi nyuma 190 ms, ambazo ni pikseli 114. Hapo ungetumia namba moja kwa vyote viwili ungemkosea kwa 41, yaani picha ingechelewa kuliko sauti, na mtu anayecheza kwa macho angeanza kupata "umechelewa" bila kujua kwa nini.

Hatua ya 4: skrini ya kusawazisha

Tengeneza faili moja la sauti, "tiki" kila sekunde 0.6, tiki ya kwanza ikiwa sekunde sifuri kamili, urefu sekunde 20 hivi. Iwe faili moja, usipige tiki moja moja kwa taima, maana taima inafuata fremu na utakuwa unapima makosa ya taima. Hifadhi kwa OGG au WAV. MP3 inaweza kuacha ukimya wa milisekunde kadhaa mwanzoni mwa faili na huo ukimya utaingia kwenye kipimo. Tiki iwe kavu na fupi, ngoma laini inayopanda polepole inawachanganya watu wapi pa kugonga.

Kwa nini 0.6? Kwa sababu ukiona kugonga, hujui ni kwa ajili ya tiki ipi. Kama tiki ziko kila 0.3 na sauti inachelewa 0.23, kodi itadhani mtu amewahi tiki inayofuata kwa 0.07. Na ukiziweka mbali sana, tuseme sekunde nzima, watu wanashindwa kushika mapigo. Kwa 0.6 una nafasi ya kutosha, ila usiigawe katikati nusu kwa nusu. Ucheleweshaji kwa kawaida ni chanya, sauti haiwezi kufika kabla haijatumwa, kwa hiyo acha nafasi ndogo upande wa kuwahi na kubwa upande wa kuchelewa:

```gdscript
const PENGO := 0.6
var mapigo: Array[float] = []

func amegonga():
    var d = fposmod(saa() + 0.15, PENGO) - 0.15
    mapigo.append(d * 1000.0)

func namba_ya_kati() -> float:
    var m = mapigo.slice(4)
    m.sort()
    return m[m.size() / 2]
```

Hii inakubali kuanzia −150 mpaka +450 ms. Upande wa hasi upo kwa sababu binadamu wengi wakigonga na mapigo wanawahi kidogo bila kujijua, makumi ya milisekunde wengine, na ile namba ya mfumo nayo inaweza kuwa imezidishwa.

Omba kugonga mara 24. Nne za mwanzo zinatupwa, mtu bado anatafuta mapigo. Kati ya 20 zilizobaki chukua namba ya katikati baada ya kuzipanga, sio wastani, kwa sababu mtu akikosa tiki moja au akigonga mara mbili kwa bahati mbaya, wastani unavutwa kabisa ila namba ya katikati haitikisiki. Halafu angalia zimesambaa kiasi gani: kwenye orodha iliyopangwa, toa ya 5 kutoka kwa ya 15. Ikiwa chini ya 60 ms kubali. Ikizidi, usihifadhi, mwambie kwa upole "Tujaribu tena, gonga ukifuata mlio." Namba mbaya iliyohifadhiwa ni mbaya kuliko kutosawazisha, kwa sababu mchezaji ataamini ameshamaliza.

Kwenye skrini hii ya sauti usiweke chochote kinachowaka au kutembea. Hata duara dogo linalopumua na mapigo litamvuta macho na utapima mchanganyiko. Weka maandishi tu na idadi ya mapigo yaliyobaki. Na kidole kinapogonga usicheze mlio wowote, utachanganya masikio.

Kipimo cha picha kinafanana, ila zima sauti (punguza volumu, usisimamishe faili, maana saa inategemea faili linalocheza). Nilijaribu kwanza skrini inayowaka ghafla kila 0.6 na matokeo yakasambaa vibaya, watu wanasubiri waone halafu wagonge, wanapima kasi ya kushtuka. Kibadilishe kiwe mstari unaotembea kuelekea kwenye alama, waone unakuja, wagonge ukifika. Chora kwa `saa()` tupu bila kutoa kitu. Hata hivyo kipimo hiki huwa sio kizuri kama cha sauti, ndiyo maana mimi kwa mchezaji wa kawaida nakifanya cha hiari, na asipokifanya naweka `ona` 40. Ni makadirio ninayoyatumia mimi, ila makosa ya 20 ms kwenye picha yanavumilika, kwenye hukumu hayavumiliki.

Hatua ya 5: hifadhi na uonyeshe vizuri

Hifadhi namba kwenye faili la `user://` kwa `ConfigFile`, na usihifadhi moja, hifadhi kwa majina: spika, hedifoni za waya, Bluetooth. Mchezaji achague mwenyewe anatumia nini kabla ya kuanza, kitufe kimoja kidogo kwenye skrini ya kuchagua wimbo kinatosha. Kifaa kubadilika kutoka 64 kwenda 231 kwa sababu tu mtu amewasha hedifoni ndiyo malalamiko namba moja utakayoyapata ukiweka namba moja tu.

Na ofseti ya kifaa usiichanganye na ofseti ya wimbo. Ya wimbo inasema mdundo wa kwanza uko sekunde ya ngapi ndani ya faili, inakaa kwenye chati na ni sawa kwa watu wote. Ukirekebisha wimbo mmoja kwa kugusa ofseti ya kifaa umeharibu nyimbo nyingine zote. Alama yake ni rahisi: wimbo mmoja tu haujakaa, rekebisha chati, nyimbo zote hazijakaa kwa kiasi kile kile, sawazisha kifaa.

Bado acha na kirekebishi cha mkono cha hatua za 5 ms chini ya matokeo, maana kuna watu wana masikio makali. Ila usiandike "+" na "−" ukamwacha mtu akisie, hata mimi niliyeandika kodi nilikuwa nakosea upande. Andika "Ukipata UMECHELEWA nyingi, ongeza" na "Ukipata UMEWAHI nyingi, punguza". Na kama wimbo ukiisha na namba ya katikati ya mapigo yake imezidi 15 kwa upande mmoja, muonyeshe hapo hapo kwenye matokeo kitufe cha kuongeza au kupunguza kiasi hicho. Asilazimishwe, na isijibadilishe yenyewe kimya kimya katikati ya wimbo, hiyo inamfanya mtu ahisi gemu inamkimbia.

Kitu ambacho kusawazisha hakuwezi kukitatua ni mlio wa kugonga. Noti na muziki unavijua mapema, kwa hiyo unaweza kuvipanga. Mlio wa "ta!" unaotoka mtu akigonga noti hauwezi kutumwa kabla hajagonga, kwa hiyo kwenye Bluetooth utasikika 200 ms baadaye hata ufanye nini, na utamharibia mapigo kabisa. Kwenye profaili ya Bluetooth mimi nauzima, na nimeandika pale kwa nini umezimwa, ili asidhani ni hitilafu.

Hatua ya 6: hakikisha kipimo chako kinapima

Kabla hujamtumia mtu yeyote gemu, chukua lile faili la tiki, ongeza ukimya wa 100 ms kamili mwanzoni, halafu sawazisha mara mbili kwenye kifaa kile kile, mara moja na faili la kawaida na mara moja na hili. Namba ya pili lazima iwe kubwa kuliko ya kwanza kwa karibu 100. Kwangu ilikuwa 63 na 166. Ikipungua badala ya kuongezeka, umegeuza alama mahali fulani. Ikiwa haijabadilika, huenda gemu bado inacheza lile faili la kawaida.

Halafu cheza wimbo mzima ukiwa na namba iliyosawazishwa na usome tena logi ile ya hatua ya kwanza, safari hii ikiwa imeandikwa kwa `muda_wa_hukumu()`. Simu ya jamaa ikatoa +3, −1, +2 kwa spika, na kwa Bluetooth +6, +4, +9. Alichoniandikia baada ya hapo ni fupi tu: "Sasa nikikosea najua ni mimi."